Ndejje mbili, Kizito nyingi: barua ya nafasi inamtaka mtoto wapi?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nakaa Arua. Binti yangu amepata nafasi ya P.5, shule ya bweni, na dada yangu wa Kampala ndiye aliyeletewa barua. Barua imeandikwa jina la shule, Ndejje, P.O. Box Kampala, basi. Nimepakua orodha ya shule ya wizara nikatafuta, nikaona shule za Kizito chungu nzima, na Ndejje nimeiona Luweero na nimeiona Wakiso. Watu wa basi wanasema Ndejje wanaijua, ni karibu na Bombo, watatushusha hapo. Dada anasema ni upande wa Entebbe Road. Nitajuaje ya kweli ni ipi? Na nikifika, nimeambiwa shule ina mageti zaidi ya moja, niingie lipi? – Mama Shamim*

Marahaba, Mama Shamim. Usishuke Bombo. Kwa karatasi ulizonitumia, dada yako yuko sahihi kwa karibu kila dalili. Ila hiyo "karibu" isikufanye upakie sanduku kabla ya simu moja nitakayokueleza huko chini. Jina kamili la shule nimeliacha kwa makusudi, hapa tutaiita ya Kizito tu.

Kwanza lile sanduku la posta, maana ndilo lililokuvuruga zaidi ya yote. Hapa Uganda kwa kawaida posta haileti barua mlangoni. Shule inakodi sanduku kwenye posta inayoifaa, na mara nyingi inayoifaa ni ya Kampala hata kama shule yenyewe iko wilaya nyingine. King's College Budo na Gayaza High School, ambazo kila mtu anazitaja kama shule za Kampala na barua zao huandikwa sanduku la Kampala, zote ziko wilaya ya Wakiso. Kwa hiyo "P.O. Box Kampala" inakuambia mhasibu wa shule anachukulia barua wapi, basi. Shule ya Luweero inaweza kuandika hivyo na ya Makindye pia. Ifute kabisa kwenye hesabu yako.

Jina nalo halitakusaidia peke yake. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote katika wafia dini wa Uganda waliouawa mwaka 1886, na Wakatoliki wamempa jina lake shule kila kona ya nchi, kama walivyofanya kwa Charles Lwanga. Ukitafuta Kizito kwenye orodha utapata kurasa. Tena mwandishi mmoja ameandika "St. Kizito", mwingine "St Kizito" bila nukta, mwingine "Saint", na mwisho wa jina utakuta "P/S", "PS", "Primary School" au "Nursery & Primary". Ukichapa jina zima kama lilivyo kwenye barua, kompyuta inaweza kukujibu haipo ilhali ipo mistari mitatu chini. Tafuta neno moja tu, `Kizito`, upite mstari kwa mstari. Fanya hivyo pia kwa majina ya mahali: herufi za Kiganda zinazojirudia zinawashinda wengi, utakuta Ndejje na Ndeje, Ssabagabo na Sabagabo.

Sasa njia yenyewe. Orodha ya wizara usiisome kuanzia jina. Isome kuanzia mahali. Kwenye kila mstari, kando ya jina, kuna safu za utawala: wilaya, kisha saza au manispaa, kisha gombolola au divisheni, na kwa orodha nyingi muluka. Hiyo ngazi ndiyo anwani pekee ambayo orodha inakupa. Haikupi barabara, haikupi namba ya jengo, wala geti. Ikikufikisha mulukani imemaliza kazi yake.

Umenitumia mistari mitatu yenye Kizito uliyoishuku. Tuiweke mezani.

Wa kwanza uko Luweero, saza la Katikamu, gombolola ya Nyimbwa, na safu ya mmiliki imeandikwa serikali. Hii ndiyo Ndejje ya watu wa basi, ile yenye chuo kikuu kinachobeba jina hilo. Kutoka Arua unapita Pakwach, Karuma, Luweero mjini, Wobulenzi, unafika Bombo ukiwa umebakiza kilomita kama 35 kuingia Kampala. Kondakta anayepita njia hiyo kila siku hana sababu ya kufikiria Ndejje nyingine. Hakudanganyi, anakwambia anayoijua.

Wa pili uko Wakiso, na safu ya gombolola imeandikwa "Makindye", muluka "Ndejje", mmiliki binafsi.

Wa tatu uko Kampala, divisheni ya Makindye, mmiliki binafsi. Huu hauna Ndejje popote, ila ulikuvutia kwa sababu ya hilo neno Makindye, na ndipo wengi wanapotegwa.

Makindye ni mbili. Moja ni divisheni ya jiji la Kampala, mojawapo ya zile tano, yenye Kibuye, Nsambya, Kabalagala, Ggaba na kilima chenyewe cha Makindye chenye kambi ya jeshi. Nyingine ni Makindye-Ssabagabo, ambayo iko Wakiso, inaanza pale Kampala inapoishia kusini, nayo imegawanyika katika Bunamwaya, Masajja na Ndejje. Kabla haijapandishwa kuwa manispaa ilikuwa gombolola ya saza la Kyadondo, na kwenye orodha za zamani inaandikwa "Makindye" kavu. Orodha mpya zinaandika manispaa ya Makindye-Ssabagabo, divisheni ya Ndejje. Shule haijasogea hata hatua moja, lakini karatasi mbili za wizara hiyo hiyo zinaipa anwani mbili. Wewe wa Arua hili hulishangai: tangu Julai 2020 mji wenu ulipofanywa jiji na Terego ikatolewa kuwa wilaya yake, kuna shule ambayo orodha ya zamani inaiita ya Arua na mpya inaiita ya Terego.

Kwa hiyo mstari wako wa pili hausemi Makindye ya Kampala. Ukimwambia bodaboda wa mjini "Makindye" tu, atakupandisha kilimani kwenye kambi ya jeshi, utakaa pale na godoro kichwani ukiuliza Ndejje iko wapi. Safu ya wilaya ndiyo inayoamua: ikiwa ni Wakiso, ni Ssabagabo.

Wa tatu tumeutoa. Imebaki Luweero na Wakiso, na hapa watu wengi huanza kubahatisha kwa sababu wameshaishiwa na safu za mahali. Usibahatishe, angalia safu ya mmiliki kisha urudi kwenye barua. Barua yako ina sahihi mbili: ya mwalimu mkuu, na juu yake ya mkurugenzi wa shule. Shule ya msingi ya serikali haina mkurugenzi. Ina mwalimu mkuu na kamati ya shule, na hata ikiwa imeanzishwa na kanisa, kanisa ni mwanzilishi, si mwenye mali wa kutia sahihi nafasi za watoto. Mkurugenzi ni mwenye shule, na mwenye shule anapatikana kwenye shule binafsi. Tena kichwa cha barua kinasema "Nursery & Primary, Day & Boarding". Mstari wa Luweero ni wa serikali. Mstari wa Wakiso ni wa binafsi, na kwenye jina lake kuna Nursery. Vinaoana na barua yako, na ndiyo sababu nimesema dada yako yuko sahihi.

Kwa nini basi bado nataka simu? Kwa sababu orodha ina mapengo, na inawezekana kabisa Ndejje ya Luweero nayo ina shule binafsi ya jina karibu na hilo ambayo bado haijaingia. Shule binafsi hupewa leseni kwanza, usajili kamili huja baadaye, na kati ya hapo inaweza kukosekana kwenye orodha uliyoshika ingawa watoto wamejaa darasani. Shule nyingine ilisajiliwa kwa jina la zamani ikabadilisha bango tu.

Namba utakayopiga iwe ya kwenye barua, na mwenye kupokea akiwa ofisini. Sasa sikiliza namna ya kuuliza, maana swali baya linaharibu yote. Usiseme, "Nyinyi ni wale wa Ndejje ya Entebbe Road?" Mtu aliyechoka na simu za wazazi atakujibu ndiyo kwa lolote. Uliza swali ambalo halina jibu ndani yake: "Mimi natoka mbali, nitashukia Arua Park hapo Kampala. Nikitoka hapo nipande taksi ya wapi, nishuke steji gani, na boda nimwambie nini?" Aliye Ndejje ya Ssabagabo atakutajia Entebbe Road, atakwambia ushuke Zana au njia nyingine ya upande ule, kisha boda. Aliye Luweero atakushangaa kwa nini uingie Kampala wakati umepita Bombo. Ukishapata majina hayo, muulize pia jina la zoni, kisha mwachie dada yako akathibitishe, yeye anayajua.

Kama simu haipokelewi, usikimbilie wizarani. Makindye-Ssabagabo ni manispaa, ina ofisa wake wa elimu na mkaguzi wake wa shule, na hao ndio wanaojua shule za Ndejje kwa kuzitembelea. Ofisi ya elimu ya wilaya ya Wakiso itakuelekeza kwao. Ungekuwa wa Luweero ungeenda moja kwa moja kwa ofisa elimu wa wilaya, yule tunayemwita DEO. Mpe mtu wa ofisi jina, muluka na ngazi ya shule. Namba ya EMIS, yaani ile ambayo wizara inaitambulia shule, iliyo kwenye mstari wako, mpe pia: Kizito ni nyingi lakini namba hiyo ni ya shule moja. Namba ya kituo cha mtihani cha UNEB, baraza la mitihani, usiitumie kwa kazi hii. Shule ambayo haijapata kituo chake huandikisha watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza msingi, kwenye shule nyingine, kwa hiyo ukiifuata namba ya kituo unaweza kufikishwa kwa jirani. Hata zile orodha za matokeo kwenye magazeti zina ugonjwa huo huo.

Ramani ya simu itumie mwishoni, si mwanzoni. Alama za shule kwenye Google Maps nyingi zimewekwa na wapita njia, na nyingine zimedondoshwa katikati ya kijiji kwa sababu aliyeweka alijua kijiji tu. Fungua picha za alama hiyo, utafute bango la geti, usome jina zima na namba ya simu iliyochorwa. Ikiwa simu ya bangoni ni hiyo ya kwenye barua, umefika. Njia nyepesi zaidi ni kumwomba mtu wa ofisi akutumie mahali alipo kwa WhatsApp akiwa amesimama getini. Msisitizie "ukiwa umesimama getini", la sivyo atatafuta jina la shule kwenye ramani akutumie alama ile ile mbovu uliyokuwa nayo.

Tuje kwenye mageti. Hapa orodha haikusaidii moja kwa moja, lakini kuna jambo moja inakudokeza. Tazama mistari mingine ya Wakiso kwenye orodha, utaona jina hilo hilo linaweza kutokea zaidi ya mara moja katika muluka mmoja: mara kwenye chekechea, mara msingi, na kwa shule nyingine hata sekondari. Kila ngazi huhesabiwa kuwa shule yake na huwa na namba yake, hata kama mwenye shule ni mmoja na ukuta ni mmoja. Kila ngazi ikiwa na mwalimu mkuu wake, mara nyingi ina ofisi yake pia, na ofisi ndiyo inayoamua geti. Kwa hiyo ukiona mistari miwili ya jina moja mahali pamoja, jua kwamba huko kuna uwezekano wa mageti mawili, na wewe unataka la msingi.

Lakini la kuniumiza kichwa kwako ni bweni zaidi kuliko chekechea. Shule nyingi binafsi za kando ya Kampala zina sehemu ya kutwa mahali pamoja na sehemu ya bweni mahali pengine, wakati mwingine mwendo wa boda nzima kati yao, na mstari wa orodhani ni mmoja tu kwa zote mbili. Orodha itakufikisha kwenye sehemu ya kutwa, barua iko sawa, bango liko sawa, sare za watoto ni zile zile, ila kitanda cha Shamim hakipo hapo. Nimewaona wazazi wakikaguliwa sanduku zima getini, sabuni na karatasi za chooni zinahesabiwa, ndipo askari anauliza, "Huyu ni wa bodi? Bodi si hapa." Saa hiyo boda ameshaondoka.

Basi kwenye simu ile ile, ongeza maswali mawili. La kwanza: je, bweni la wasichana wa P.5 liko ndani ya ukuta huo huo wenye ofisi ya mwalimu mkuu? Litaje hivyo, kwa darasa na kwa wasichana, kwa sababu kuna shule zinazolaza wadogo mahali na wakubwa mahali, wavulana huku na wasichana kule. La pili: siku ya kuripoti, mwanafunzi mpya anaanzia wapi, ofisini au bwenini? Kwa kawaida mgeni huanzia ofisini, aonyeshe barua ya nafasi, ripoti ya shule aliyotoka na slipu ya benki, aandikwe, ndipo apelekwe kwa matroni na mizigo yake. Wanafunzi wa zamani huenda moja kwa moja bwenini. Ukiwafuata hao kwa sababu wana magodoro kama wewe, utapanga foleni ya matroni, na ukifika mbele utarudishwa ofisini.

Siku ya kufungua kuna geti linaloachwa kwa magari ya mizigo na mabasi ya shule, na kuna mlango mdogo wa wenye miguu ambao askari anakaa na daftari. Wewe unayekuja na boda tafuta daftari. Ndipo jina la mtoto linapoandikwa kuwa ameingia, na ndipo utakapoambiwa ofisi iko jengo gani. Kama unaweza, fika siku moja kabla, ulale kwa dada, muende mkaone geti bila mizigo. Siku yenyewe hakuna atakayepokea simu yako.

Ukishaingia ofisini, kabla ya kukabidhi karatasi za asili, inua macho ukutani. Shule binafsi hutundika cheti cha leseni au cha usajili. Soma jina na wilaya kwenye cheti hicho uvilinganishe na mstari wako. Wakiso, Ndejje, jina lile lile: umemaliza. Jina likiwa tofauti, muulize mwalimu mkuu bila haya ni lini walibadilisha, na jina jipya lilipelekwa lini kwenye ofisi ya elimu ya manispaa. Akiwa na jibu, ni sawa, mabadiliko hutokea. Hakuna cheti wala jibu? Mwache mtoto akae kwenye benchi na sanduku lake likiwa limefungwa, toka nje umpigie mkaguzi wa shule wa manispaa umpe ile namba ya EMIS, umsikie anasemaje ndipo ulipie chochote kilichobaki.